Hesabu Yangu Ilisema A, Matokeo Yakasema B+

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, mwaka wa pili, hapa Morogoro. Tuna somo moja ambalo alama za muhula ni 40 na mtihani wa mwisho ni 60, na daraja la A linaanzia 70. Katika zile 40, kwizi nne zina uzito wa 10, kazi tatu za kuandika zina uzito wa 10, na majaribio mawili yana uzito wa 20. Kila kwizi ilikuwa na alama 15, nikapata 11, 9, 12 na 8. Kila kazi ya kuandika ilikuwa na alama 20, nikapata 15, 17 na 14. Kila jaribio lilikuwa na alama 40, nikapata 27 na 23.*

*Nilitafuta asilimia ya kila moja, nikatafuta wastani, nikakadiria, nikapata 67, 77 na 63. Nikazigeuza kuwa 7, 8 na 13, jumla 28. Hivyo nilihitaji 42 kati ya 60, yaani asilimia 70. Kwenye mtihani nimepata 71, lakini matokeo yanasema 69, B+. Mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja alikuwa na 26 kwa hesabu hiyohiyo (kwizi jumla 38, kazi 44, majaribio 53). Alipata 72, akalia kwamba A imempita, na yeye ndiye aliyepewa A! Kaka yangu ameingiza alama zangu kwenye Excel, nayo inaonyesha 27 za muhula, 43 za mtihani, kisha jumla 69. Je, nimedhulumiwa? Na muhula ujao nihesabuje?*

*Mwanafunzi, Morogoro*

Marahaba, binti yangu. Nimeketi na alama zako kwa kalamu na karatasi kabla ya kugusa kikokotoo, na kwa namba ulizoniandikia, 69 ni jumla halali. Kilichokupotosha ni ile 28, nayo ilikuwa imeshaharibika wiki kadhaa kabla hujaingia kwenye chumba cha mtihani.

Tuanze kwa kuhesabu bila kukadiria popote. Kwizi zako nne zinafanya jumla ya alama 40 kati ya 60, na kwa uzito wa 10 hiyo ni 6 na theluthi mbili. Kazi za kuandika zinafanya 46 kati ya 60, ambayo kwa uzito wa 10 ni 7 na theluthi mbili. Majaribio yanafanya 50 kati ya 80, na kwa uzito wa 20 hiyo ni 12 na nusu. Ukizijumlisha zote tatu unapata 26 na 5/6, ambayo kwa desimali mbili ni 26.83. Mtihani wa 71 ukizidishwa kwa 0.6 unaleta 42.6, na jumla yote inakuwa 69.43. Hata chuo kinachokadiria jumla ya mwisho hadi namba nzima iliyo karibu hakiwezi kuipandisha hiyo kuwa 70, kwa sababu haijafika 69.5.

Sasa tuitafute hiyo alama moja na ushei uliyojiongezea. Wewe ulikadiria mara tatu, na mara hizo hazikuleta madhara sawa. Mara ya kwanza ulikadiria asilimia ya kila karatasi: 11 kati ya 15 ni 73.33 ukaandika 73, na majaribio ya 67.5 na 57.5 ukayaandika 68 na 58. Mara ya pili ulikadiria wastani, na hapo 66.5 ya kwizi ikawa 67. Makosa ya hatua hizi mbili bado yalikuwa kwenye kipimo cha mia, na uzito ulipokuja uliyapunguza. Chukua majaribio yako: wastani wa kweli ni 62.5, wewe uliandika 63, na hiyo nusu iliyozidi ikizidishwa kwa 0.2 inabaki 0.1 tu. Kama ungeishia hapo, alama zako za muhula zingekuwa 6.7, 7.7 na 12.6, jumla 27.0 kamili. Umekosea kwa 0.17, kosa ambalo mara nyingi halimnyimi mtu usingizi.

Mara ya tatu ndiyo iliyokuponza. Ulizichukua 6.7, 7.7 na 12.6 ukaziandika 7, 8 na 13. Hapo uzito ulikuwa umeshafanya kazi yake, kwa hiyo hapakuwa na kitu mbele cha kulipunguza kosa. Ile 0.3 ya kwizi iliingia yote kwenye jumla, ikafuatwa na 0.3 ya kazi za kuandika na 0.4 ya majaribio, na zote pamoja ni alama 1 nzima. Tendo ni lilelile la kukadiria hadi namba nzima, lakini likifanyika kabla ya uzito wa 10 haliwezi kuzidisha zaidi ya 0.05 kwenye jumla, na likifanyika baada ya uzito linaweza kuzidisha hadi 0.5, yaani mara kumi yake. Wanafunzi wengi hudhani kwamba kukadiria asilimia kubwa kama 67 ndiko kwenye hatari na kwamba kukadiria kinamba kidogo kama 6.7 ni jambo dogo, wakati mambo yako kinyume.

Huenda utasema kwamba ukikadiria, mara unapanda na mara unashuka, kwa hiyo mwisho wake vinasawazishana. Kwa namba 100 hilo lina ukweli kiasi. Wewe ulikuwa na namba tatu tu, na zote tatu zilipanda.

Kosa hilo la 1.17 halikubaki hivyo, kwa sababu uliliingiza kwenye hesabu ya kutafuta alama unayohitaji, ambayo ina kugawanya ndani yake. Alama inayohitajika kwenye mtihani ni 70 ukitoa alama za muhula, kisha ukigawa kwa 0.6. Kugawa kwa 0.6 ni sawa na kuzidisha kwa 1.67, na kila alama moja ya muhula uliyojipa bure inakudai alama moja na theluthi mbili kwenye karatasi ya mtihani. Kwa 28 ulipata 42 gawa kwa 0.6, ikawa 70 kamili. Kwa 26.83 ungepata 43.17 gawa kwa 0.6, ambayo ni 71.94. Tofauti ni karibu alama mbili, na wewe ulipata 71, katikati kabisa ya pengo hilo. Ulivuka lengo uliloliweka kwenye daftari lako, ila lengo lenyewe lilikuwa limewekwa chini mno. Katika masomo ambayo kazi za muhula ni 60 na mtihani ni 40 hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa hapo unagawa kwa 0.4 na kosa lilelile la 1.17 linakuwa karibu alama 3 za mtihani.

Mwenzako yeye alikosea kuelekea upande wa pili. Kwizi zake za 38 kati ya 60 ni 6.33, kazi za 44 kati ya 60 ni 7.33, na majaribio ya 53 kati ya 80 ni 13.25. Jumla yake ya kweli ni 26.92, lakini kwa kukadiria aliandika 6, 7 na 13, akapata 26. Tazama hapo: kwenye madaftari yenu wewe ulimzidi kwa alama mbili, na kwa kweli yeye ndiye aliyekuzidi, ingawa kwa chini ya moja ya kumi. Aliamini anahitaji 73.33, akapata 72, akalia. Hesabu sahihi ilimtaka apate 71.81, kwa hiyo 72 ilimtosha, na jumla yake ikawa 70.12. Machozi yake yalitokana na kosa lilelile lililokupa wewe furaha ya bure. Kwa watu wenye mafungu matatu, kila fungu likiweza kupotoka kwa 0.5, alama za muhula zinaweza kupotoka kwa 1.5 juu au chini, na alama inayohitajika kwenye mtihani kwa 2.5. Ninyi wawili mlikuwa karibu na ncha za mpaka huo, mmoja huku na mwingine kule.

Jedwali la kaka yako halina kosa lolote, ila linaonyesha namba zilizovishwa nguo. Ndani ya seli ile ya 27 imo 26.8333, na ndani ya ile ya 43 imo 42.6. Excel, seli ikipangwa isionyeshe desimali, hukadiria kile kinachoonekana tu, lakini inapojumlisha hutumia thamani iliyofichwa nyuma yake. Ndiyo maana mnaona 27 na 43 zikitoa 69: jumla ya kweli ni 69.4333, nayo pia imevishwa nguo ikaonekana 69. Mwambie kaka abonyeze kitufe cha kuongeza desimali mara mbili, na fumbo litafunguka. Hali ingekuwa nyingine kama angetumia kanuni ya `ROUND`, kwa sababu hiyo haifichi desimali bali inazifuta, na hesabu zote zinazofuata hutumia namba iliyobaki. Kwa hiyo ukipewa jedwali na mtu, bofya kwanza kwenye seli ya wastani uone kama imeandikwa `=AVERAGE(B2:E2)` au `=ROUND(AVERAGE(B2:E2),0)`. Zinaweza kuonyesha namba ileile kwenye skrini na zikakupeleka kwenye madaraja mawili tofauti. Mtego mwingine ni wa mkono wako mwenyewe: kusoma 27 kwenye skrini, kuiandika pembeni, kisha kuendelea na kikokotoo cha simu. Hapo unakuwa umekadiria bila kujua.

Muhula ujao, basi, fanya hivi. Alama ghafi zibaki ghafi mpaka mwisho. Ikiwa kwizi zote zina alama ya juu inayolingana, kama zako, huna haja ya kutafuta asilimia ya kila moja. Jumlisha ulizopata, gawa kwa jumla ya zilizowezekana, zidisha kwa uzito. Ikiwa kwizi moja ni ya alama 10 na nyingine ya 25, njia hiyo itaipa ile ya 25 nguvu zaidi, kwa hiyo muulize mwalimu wa somo kama anachotumia ni jumla ya alama au ni wastani wa asilimia, kwa kuwa hizo ni hesabu mbili tofauti hata kabla ya kukadiria. Kwenye jedwali, kwizi zako zikiwa B2 hadi E2, kazi F2 hadi H2 na majaribio I2 na J2, weka mstari wa kwanza kwenye K2 na wa pili kwenye L2:

```
=SUM(B2:E2)/60*10 + SUM(F2:H2)/60*10 + SUM(I2:J2)/80*20
=ROUNDUP((70-K2)/0.6, 0)
```

Angalia kwamba mstari wa pili hautumii `ROUND` bali `ROUNDUP`. Alama unayohitaji ni namba ya pekee katika hesabu hii yote ambayo haikadiriwi kwenda kwenye namba iliyo karibu, bali hupandishwa daima. Ukihitaji 71.2 na ukaandika 71 kwa sababu ndiyo iliyo karibu, umejiandikia alama ambayo haitoshi. Kwako wewe mstari huo ungetoa 72. Na ukipenda kuhesabu ukiamini kwamba chuo chako kinapandisha 69.5 kuwa 70, weka 69.5 mahali pa 70: utapata 71.11, na ukiipandisha unarudi kwenye 72 ileile. Kwa hali yako, chuo kikibeba desimali mpaka mwisho, hakuna njia ambayo 71 ingetosha.

Kama huna kompyuta, mafungu yaandike kwa desimali mbili na usiende chini ya hapo. Kwa mafungu matatu, desimali mbili haziwezi kukupoteza kwa zaidi ya 0.015, na hata baada ya kugawa kwa 0.6 kosa ni 0.025. Kwako ungeandika 6.67, 7.67 na 12.50, ukapata 26.84 badala ya 26.83, na alama inayohitajika ingekuwa 71.93 badala ya 71.94. Hilo halibadilishi chochote, isipokuwa jibu likiangukia karibu sana na namba nzima, kama 71.99 au 72.01, hapo rudi ukahesabu kwa desimali nne au kwa sehemu, kama nilivyofanya mimi mwanzoni na theluthi zako. Mimi hupenda sehemu kuliko desimali, na najua vijana mnatucheka kwa hilo, lakini 26 na 5/6 haina kitu kilichokatwa ndani yake.

Lipo jambo moja ambalo hesabu peke yake haiwezi kuliamua, nalo ni kanuni za mitihani za chuo chako. Hakuna mahali pa kukadiria palipo haramu kwa asili. Chuo kinaweza kuamua kukadiria mapema, na kikishaamua hivyo, ndiyo hesabu rasmi. Tazama alama zako zinavyoweza kusomwa. Chuo kinachobeba desimali mpaka mwisho kinakupa 69.43, kisha 69. Chuo kinachokadiria alama za muhula na za mtihani kila moja peke yake kinaandika 27 na 43, na wewe una 70 na A yako. Chuo kinachokata desimali kwa kila upande bila kukadiria kinaandika 26 na 42, na una 68. Karatasi ni zilezile, mwandiko ni uleule, jumla ni tatu. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu unachohitaji, tafuta kwenye kitabu cha kanuni ni wapi desimali huondolewa na kwa njia gani, kisha hesabu yako ifuate mpangilio huohuo hatua kwa hatua, hata kama wewe ungependa mwingine.

Usidhani pia kwamba kanuni ni moja kwa kila kitu ndani ya chuo kimoja. Kuna vyuo hapa nchini ambavyo hukadiria jumla ya somo, lakini GPA huikata kwenye desimali moja: 4.39 inabaki 4.3. Daraja la kwanza huanzia 4.4, na nimeshaona mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyekuwa ameshawaambia nyumbani kwamba amelipata, kwa sababu kwenye daftari lake 4.39 ilikuwa 4.4.

Kuhusu kudhulumiwa, lililobaki ni kuangalia jinsi alama zako za muhula zilivyoandikwa kwenye orodha ya mwalimu wa somo. Si kukata rufaa bado, ni kuomba kuona tu. Ukikuta 26.83 au 26.8, basi 69 ni sahihi na hakuna la kudai. Ukikuta 27 nzima, hapo pana swali la haki, kwa kuwa 27 ukijumlisha na 42.6 ni 69.6, na chuo kinachokadiria jumla hadi namba nzima kilipaswa kuandika 70. Katika hali hiyo mwulize mkuu wa idara ni kifungu gani cha kanuni kinachosema alama za muhula zikadiriwe na jumla ya mwisho ikatwe, na umwulize kabla muda wa rufaa haujapita. Nenda na karatasi zako tisa za muhula, usiende na ile 28.